Kofia ya baridi wakati wa kemo: itaziokoa nywele zangu?

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ahero, nina miaka 43. Nilipatikana na saratani ya titi la kushoto na nimeshafanyiwa upasuaji. Daktari ameniandikia dawa za kemo ziitwazo AC mara nne, kila baada ya siku 21, halafu nyingine iitwayo paklitakseli kila wiki kwa wiki 12. Naanza wiki mbili zijazo, Kisumu. Dada yangu anayeishi Uingereza ananiambia huko wanavaa kofia ya baridi na nywele hazitoki. Nywele zangu ni za asili, nzito, nimezifuga miaka mingi. Mume wangu anauliza kwa nini tusifunge tu barafu kwa leso, maana tuna friza ya samaki hapa nyumbani. Mama mkwe naye anasema baridi itaificha saratani kichwani. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, pole sana kwa ugonjwa, na pole kwa upasuaji. Nitakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Dada yako anasema kweli, lakini kweli yake haikufai sana wewe. Kofia ya baridi ni tiba halisi, imepimwa, na kuna wanawake wengi waliomaliza kemo wakiwa na nywele zao. Ila kuna mambo mawili yanayoishinda mara nyingi: AC, na nywele nzito zilizojikunja. Wewe unayo yote mawili. Kwa hiyo sitakuahidi. Mume wako ana nia njema, lakini barafu ya friza aiache kwa samaki. Mama mkwe ameshika hofu ambayo hata madaktari waliwahi kuwa nayo, na kwa wagonjwa fulani ni hofu ya haki. Kwa saratani ya titi kama yako, si kizuizi.

Sasa tuanzie kwenye unywele wenyewe, kwa sababu ukielewa unavyotoka utaelewa pia kwa nini kofia hufaulu kwa huyu na kushindwa kwa yule.

Kichwani tuna nywele kama 100,000, na wakati wowote ule takriban tisa katika kila kumi ziko katika kipindi cha kukua. Kila moja inatoka kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi, na chini kabisa ya kifuko hicho kuna seli zinazojigawa kwa kasi kubwa mchana na usiku. Dawa za kemo huwinda seli zinazojigawa kwa kasi. Haziwezi kutofautisha ya saratani na ya unywele. Zikifika pale chini, utengenezaji wa unywele unakwama kwa siku kadhaa, na sehemu inayotengenezwa wakati huo inakuwa nyembamba na dhaifu, kama bua la hindi lililotafunwa na kiwavi kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Baada ya wiki mbili au tatu ile sehemu dhaifu inafika karibu na uso wa ngozi, unywele unakatika au unang'oka, na wenye bahati mbaya wanaamka asubuhi na kuukuta mto umejaa.

Kofia inajaribu kuzuia dawa isifike pale chini, kwa zile saa ambazo dawa ni nyingi kwenye damu. Ngozi ya kichwa ikipozwa hadi kati ya nyuzi 18 na 22 hivi, mishipa midogo ya damu inasinyaa na damu inayopita inashuka hadi kati ya asilimia 20 na 40 ya kawaida. Damu kidogo, dawa kidogo. Pamoja na hayo, seli zilizopozwa zinakuwa kama zimesinzia: hazijigawi kwa kasi ile, na hata dawa inayozifikia zinaimeza polepole. Wataalamu wanabishana ni lipi kati ya hayo mawili linalofanya kazi kubwa zaidi. Mimi nadhani yote mawili yanahitajiana.

Kifaa chenyewe ni kofia ya silikoni yenye mifereji ndani yake, iliyounganishwa kwa bomba na mashine inayozungusha maji maalumu yaliyopozwa sana, mengine chini kidogo ya sifuri. Juu yake huvalishwa kofia ya pili ya kubana. Mojawapo ya mashine zinazotumika sana duniani, Paxman, ilitoka kwa familia ya Kiingereza iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya kupoza bia. Mke katika familia hiyo alipata saratani ya titi, nywele zikamtoka, na mumewe akaamua kutumia ujuzi wa kupoza pipa kupoza kichwa. Nakutajia hilo kwa sababu linaonyesha ugumu uko wapi. Kushusha baridi mara moja ni rahisi. Kuishikilia pale pale, kichwa kizima, bila kupanda wala kushuka, kwa saa tatu na zaidi, hiyo ndiyo kazi.

Na saa hizo hazipunguzwi. Kofia inavaliwa karibu dakika 30 kabla dripu haijaanza, ili ngozi iwe imeshapoa dawa ikiingia. Inakaa muda wote wa dripu. Kisha inaendelea baada ya dripu kwisha, na hapa ndipo wengi wanaposhangaa: kwa AC inaendelea kwa dakika 90 hivi. Ukiivua mapema, mishipa inafunguka tena na damu ya joto inarudi na dawa yake. Kwa paklitakseli ya kila wiki muda wa baadaye ni mfupi zaidi, mara nyingi nusu saa au chini yake.

Tofauti hiyo ya dakika ndiyo inayotupeleka kwenye tatizo lako la kwanza.

AC ni dawa mbili. Ya kwanza ni doksorubisini, ile nyekundu ambayo muuguzi huisukuma polepole kwa sirinji. Ya pili ni saiklofosfamidi. Doksorubisini inashuka haraka kwenye damu mwanzoni, lakini mabaki yake yanazunguka kwa siku moja au zaidi. Saiklofosfamidi nayo ina ujanja wake: ikiingia mwilini haijawa kali bado. Ini ndilo linaloigeuza kuwa dawa yenye nguvu, na linaendelea kuigeuza kwa saa nyingi baada ya wewe kurudi nyumbani. Kofia ulishaivua, uko kwenye matatu ya Ahero, na ini bado linapika. Paklitakseli ya kila wiki ni dozi ndogo ndogo, na kofia inaziweza vizuri zaidi.

Matokeo yanaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 2017 zilichapishwa tafiti mbili kubwa za Marekani kwa wanawake wenye saratani ya titi. Katika mmoja wao, karibu nusu ya waliovaa kofia walibaki na nywele, na kati ya wasiovaa hakubaki nazo hata mmoja. Lakini ukiwatenganisha kwa dawa, waliokuwa kwenye familia ya paklitakseli walifaulu zaidi ya nusu, na waliokuwa kwenye familia ya doksorubisini walifaulu chini ya robo. Utafiti wa pili haukuwachukua kabisa wagonjwa wa doksorubisini, na humo theluthi mbili hivi walifaulu. Dada yako akikuambia amemwona mtu aliyemaliza kemo na nywele zake, muulize kwanza alipewa dawa gani.

Muulize pia "alibaki na nywele" ina maana gani. Katika tafiti hizi, kufaulu maana yake ni kupoteza nusu ya nywele au chini ya hapo, kiasi kwamba mtu hahitaji wigi. Anayefaulu bado ataziona nywele kwenye kitana wiki ya tatu. Nimeona wagonjwa wakilia siku hiyo na kuacha kofia wakidhani imeshindwa, kumbe ilikuwa inafanya kazi. Nyusi na kope hazilindwi, kwa sababu kofia haifiki huko.

Tatizo la pili ni hewa. Ili baridi ifike kwenye ngozi, kofia lazima igusane na kichwa kila mahali. Nywele zilizojikunja, nzito, zikilowa na kukauka zinavimba na kuinua kofia. Kati ya kofia na ngozi panabaki tabaka la hewa, na hewa ni blanketi. Mashine inasoma baridi kali kwenye mabomba yake, lakini ngozi ya utosini iko joto kama kawaida.

Hili halikuzingatiwa mapema kwa sababu rahisi: tafiti za mwanzo zilikuwa na wagonjwa wengi mno weupe. Timu moja ya Washington ilipoamua kuwapima wagonjwa weusi peke yao, ilipanga kuchukua watu 30. Ilisimama baada ya 15, kwa sababu kofia haikuwa ikiwafaa. Baada ya hapo watafiti wengine wa Marekani walianza kujaribu kuzilaza nywele kabla ya kofia, kwa kuzisuka mistari iliyolala kichwani au kuzisokota, na kuzilowesha kwa maji yaliyochanganywa na kondishena ili zishikane na ngozi na kuondoa hewa. Matokeo yao yanatia moyo, lakini bado ni ya watu wachache. Kwa hiyo kwa nywele zetu siwezi kusema kofia haifanyi kazi. Nasema haifanyi kazi ikivalishwa vile ilivyovalishwa kwa nywele nyororo za Leeds au Manchester.

Tuseme basi umepata hospitali yenye mashine, na umeamua kujaribu. Siku yako ya AC ingekuwa hivi.

Jioni iliyotangulia unazisuka mistari myembamba iliyolala kabisa, ukiielekeza nyuma, bila nywele za kuongezea. Rasta, nywele za kubandika na mafundo ya utosini hapana: kila kimoja ni tuta linaloinua kofia. Mwenye dredi nene ana shida zaidi, maana dredi haziwezi kulazwa, na ukweli ni kwamba mara nyingi mimi humwambia asigharamike. Hukurelaksi, hukupaka rangi, hukutumia pasi wala blodrai kwa wiki mbili tatu zilizopita, kwa sababu unywele uliodhoofishwa na kemikali au moto hautasubiri kemo kuukata.

Asubuhi unafika mapema. Muuguzi anazilowesha nywele hadi ngozi iwe na unyevu, si kuchuruzika, anapaka kondishena kidogo, anachagua ukubwa wa kofia. Hapa usiwe na haya. Weka vidole juu ya kofia, utosini, na ubonyeze. Ikibonyea na kurudi, kuna nafasi chini yake, na hapo ndipo patakapotoka kiraka cha upara. Mwambie aibadilishe au akaze kofia ya juu. Baada ya dakika kumi jiulize kama baridi unaihisi sawa kila mahali. Ukihisi kichwa chote kimeganda isipokuwa kisogoni, sema saa hiyo hiyo. Dakika kumi au kumi na tano za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: kichwa kinauma kama uliyekunywa kitu cha baridi sana kwa pupa, paji la uso linagonga. Kisha ganzi inaingia na wengi wanavumilia. Parasetamoli kabla ya kuanza inasaidia, blanketi pia, na kikombe cha chai moto. Wachache hawavumilii, hasa wenye kipandauso, na hawa hakuna haja ya kuwalazimisha.

Hesabu ya muda sasa. Dakika 30 za kwanza, kisha dawa za kuzuia kutapika, sirinji ya doksorubisini na dripu ya saiklofosfamidi, tuseme saa moja na nusu kwa jumla, kisha dakika 90 za mwisho. Saa tatu na nusu kwenye kiti, badala ya saa moja na nusu. Na ni mara nne. Halafu paklitakseli mara 12, kila moja karibu saa mbili ukiwa umevaa. Vikao 16, na huwezi kuruka hata kimoja. Stima zikipotea katikati na jenereta ikachelewa, ngozi inapata joto ndani ya dakika chache. Ukikosa kofia kwenye AC ya kwanza, ukaamua kuianza ya pili, umechelewa, maana vifuko vimeshapigwa na nywele zitakazotoka zimeshakatika kwa ndani. Ndiyo sababu nakusihi uamue sasa, kabla ya dripu ya kwanza.

Nirudi kwa baba watoto na friza yake. Asifikiri wazo lake ni la kijinga. Miaka ya 1970 madaktari walifanya hivyo hivyo: barafu iliyopondwa ndani ya mifuko ya plastiki, ikafungwa kichwani kwa wagonjwa wa doksorubisini, na mwaka 1979 jarida moja kubwa la Marekani lilichapisha kwamba iliwasaidia baadhi yao. Lakini barafu ya nyumbani ina makosa mawili yanayopingana. Pale inapogusa ngozi moja kwa moja, hasa juu ya masikio na kwenye mstari wa paji la uso, friza ya samaki inaitoa ikiwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo inaunguza ngozi kama moto. Pale isipogusa, yaani sehemu kubwa ya kichwa chenye nywele nzito, haipozi vya kutosha kusinyaza mishipa. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyefungiwa barafu nyumbani kabla ya kuja kliniki. Alikuwa na malengelenge juu ya sikio la kulia, na wiki tatu baadaye nywele zake zilitoka zote, kama za asiyefanya chochote. Malengelenge kwa mtu wa kemo si jambo dogo, kwa sababu chembe nyeupe za damu zikishuka kidonda hicho kinakuwa mlango wa vijidudu.

Kuna kofia za jeli zinazogandishwa na kubadilishwa kila dakika 20 au 30, na huko ng'ambo watu huzikodisha. Hizo ni kitu kingine kabisa na barafu kwenye leso, lakini nazo zinahitaji friza yenye baridi kali kuliko ya nyumbani, kofia kadhaa za zamu, na mtu aliyefundishwa kuzipima kwa kipimajoto na kukinga paji la uso na masikio. Hata zilipotumiwa kitaalamu zimewahi kuunguza watu.

Mama mkwe sasa, na hapa tumpe heshima yake. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kuuzwa kwa kofia hizi, na mojawapo ya maswali yaliyokuwa yakiulizwa ni hilo lake: kama dawa haifiki kichwani, seli za saratani zilizojificha kwenye ngozi ya kichwa si zitapona? Mashine ya kwanza iliruhusiwa tena huko Desemba 2015. Katikati yake watafiti walikusanya kumbukumbu za maelfu ya wanawake wa saratani ya titi. Waliopata saratani kwenye ngozi ya kichwa baadaye walikuwa kama 6 kati ya kila 1,000 waliovaa kofia, na 4 kati ya kila 1,000 wasiovaa. Ni wachache mno kwa pande zote, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Saratani ya titi ikisambaa hupenda mifupa, mapafu, ini. Ngozi ya kichwa huiendea mara chache sana, na ikienda huwa imeshaenda kwingine pia.

Lakini kuna wagonjwa ambao kwao maneno ya mama mkwe ni sheria. Wa kwanza ni wenye saratani za damu: lukemia, limfoma, mayeloma. Saratani hizi zinatembea ndani ya damu yenyewe, kwa hiyo mishipa ya kichwa iliyofungwa inaweza kuwa maficho ya kweli. Hapa kwetu kando ya ziwa limfoma ya Burkitt tunaiona sana kwa watoto, na mzazi akiniuliza kuhusu kofia, jibu ni hapana bila kusita. Pia anayejulikana kuwa na saratani kwenye ngozi ya kichwa, na anayepangiwa mionzi ya kichwa, kofia haimhusu.

Kundi la pili ni watu ambao damu au mishipa yao haipatani na baridi. Wapo ambao seli nyekundu zinashikana au protini za damu zinaganda zikipoa, na wapo wanaotokwa na vipele na kuvimba wakigusa maji baridi. Mimi, kwa sababu ya mahali ninapofanya kazi, naongeza na ugonjwa wa selimundu. Baridi inajulikana kuchochea maumivu yake, na mtu wa Siaya au Busia mwenye selimundu sitamkalisha saa tatu na kichwa kilichoganda kwa ajili ya nywele. Aliyebeba kipande kimoja tu cha urithi huo, asiyeumwa, namtazama tofauti, lakini nataka kujua. Kama hujawahi kupimwa na kwenu kuna mtoto aliyekuwa akilia viungo kila msimu wa mvua, mwambie daktari.

Kundi la tatu husahaulika: wenye ini lisilofanya kazi vizuri. Dawa inakaa kwenye damu yao muda mrefu kuliko kawaida, kwa hiyo zile dakika 90 hazitoshi, na mara nyingi kofia inashindwa hata kama imevalishwa vizuri. Utapimwa ini kabla ya AC, uliza majibu yako.

Na wapo ambao hawahitaji kofia kabisa, kwa kuwa dawa zao haziondoi nywele zote. Jirani yako mwenye saratani ya utumbo anayemeza kepsitabini, kwa mfano, kwa kawaida atabaki na nywele zake. Kabla mtu hajalia wala hajatafuta mashine, aulize jina la dawa.

Sasa tupime. Kwa AC yako uwezekano ni chini ya robo kwa wale waliopimwa, na waliopimwa wengi hawakuwa na nywele kama zako. Upande wa pili kuna saa za ziada mara 16, gharama ambayo utapaswa kuiuliza hospitalini kama iko ndani ya bima ya SHA au ni ya mfukoni, na safari ndefu ikiwa mashine haiko Kisumu. Ungekuwa umeandikiwa paklitakseli peke yake, ningekuambia itafute kofia kwa bidii, usuke mistari, ujaribu. Kwa mpango wako, mimi nisingehamisha matibabu yangu kwenda mji mwingine kwa ajili yake. Kama iko hapo hapo unapotibiwa na bei haikuumizi, kujaribu si kosa, mradi ujue unabahatisha. Jambo moja silikubali: usimwombe daktari abadilishe AC ili kuokoa nywele, wala usicheleweshe tarehe ya kuanza ukingoja mashine. Baada ya upasuaji, wiki zina thamani kuliko nywele.

Usiogope pia kwamba zikitoka zimekwenda. Kwa mpango kama wako huanza kuota mwezi mmoja au miwili baada ya dripu ya mwisho, na wengine huona vinyweleo hata kabla paklitakseli haijaisha. Mara nyingi hurudi laini au zenye mkunjo tofauti kwa miezi ya kwanza. Ni wachache ambao hazirudi vizuri.

Kabla ya siku ya kwanza, nenda ana kwa ana uonane na muuguzi wa kliniki ya saratani. Muulize kama wana kofia au wanajua iliko, kama wamewahi kuitumia kwa mgonjwa wa AC mwenye nywele za asili, na matokeo yalikuwaje. Swali hilo la mwisho ndilo litakalokupa ukweli kuliko karatasi ya matangazo. Ukishaanza, rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona ngozi ya kichwa imekuwa nyeupe isiyorudi rangi, ina malengelenge, au ganzi haijaisha hadi kesho yake. Uvimbe mgumu chini ya ngozi ya kichwa uonyeshe. Na joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati wowote wa kemo, kofia au bila kofia, usingoje asubuhi.

Ukiamua kuacha kofia, wengi wanapendelea kunyoa wenyewe kuliko kusubiri kuokota nywele kwenye mto. Fanya hivyo ndani ya wiki ya kwanza baada ya AC, kwa mashine ya kinyozi iliyosafishwa, usitumie wembe, kwa sababu kuanzia wiki ya pili chembe nyeupe zinakuwa chini na mkato mdogo unaweza kuwa kidonda. Wiki hiyo ya pili au ya tatu ngozi ya kichwa huanza kuwasha na kuuma hata ukiilaza kwenye mto laini. Hiyo ndiyo dalili kwamba zilizobaki zinaachia. Leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, ikalegezwa, hupunguza maumivu hayo kuliko wigi, na katika joto la Ahero nadhani utaipenda zaidi.